Vyombo vya Kauri, Lori la Turubai na Barua ya Kuomba Bima

Barua nyingi za kuomba bima ya mzigo huwa fupi kuliko salamu zake. Baada ya "husika na kichwa cha habari hapo juu" na kuitakia kampuni kazi njema, mfanyabiashara huandika kwamba anaomba kukatiwa bima ya vyombo vya nyumbani kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kwamba mzigo umefungwa vizuri, na kwamba utasafiri kwa lori la uhakika. Halafu anashukuru na kuweka sahihi. Ofisa anayeipokea hajui kama vyombo hivyo ni vya kauri au vya plastiki, kama lori ni la boksi au la turubai, wala kama mzigo utalala njiani. Akiwa mwangalifu atarudisha maswali. Akiwa na haraka atakata bima kwa masharti ya jumla, na masharti ya jumla mara nyingi hayamfai mtu anayebeba glasi.

Barua hii husomwa mara mbili. Mara ya kwanza huisoma anayepima hatari ili apange ada. Mara ya pili husomwa siku lori limelala mtaroni, na msomaji safari hii ni mkadiria hasara. Huyu huweka barua upande mmoja na picha za katoni zilizopasuka upande wa pili, akitafuta kama kilichokuwa barabarani ndicho kilichoandikwa. Mfanyabiashara anayemfikiria msomaji wa kwanza peke yake hupamba. Anayemfikiria na wa pili huandika mambo yalivyo.

Kuna watu huona barua yenyewe haina haja, kwa kuwa lori lina bima kubwa. Bima kubwa hulinda gari na watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na gari hilo. Bidhaa zilizopakiwa juu yake hazimo. Msafirishaji naye mara nyingi huandika kwenye risiti yake, kwa herufi ndogo, kwamba mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenye mali. Kwa hiyo lori likipinduka, mwenye lori hulipwa lori lake, na mwenye sahani hubaki na vigae.

Hebu tuchukue mwenye duka mmoja wa kubuni, anayeuza vyombo katika Soko la Mwanjelwa, Mbeya, na kununua bidhaa zake Kariakoo. Safari yake ni ya zaidi ya kilomita 800, na kwa mwezi analeta mzigo mara mbili. Barua yake iliyoandikwa sawasawa ingekuwa hivi:

Meneja,
Kampuni ya Bima,
Mbeya.

YAH: MAOMBI YA BIMA YA MIZIGO SAFARINI, DAR ES SALAAM HADI MBEYA

Ndugu,

Mimi ni mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani mwenye duka katika Soko la Mwanjelwa. Naomba bima ya mwaka mmoja kwa mizigo yangu inayosafiri kwa barabara kutoka Kariakoo hadi dukani kwangu.

Bidhaa ni sahani, bakuli na vikombe vya kauri, glasi za kunywea, chupa za chai na sufuria za aluminiamu. Kwa thamani, karibu nusu ya kila mzigo ni vitu vinavyovunjika.

Kauri, glasi na chupa za chai huja katika katoni za kiwandani. Katoni ambazo hazijafunguliwa husafiri zilivyo. Zile zilizofunguliwa ili kukagua au kuchanganya bidhaa, kama moja katika kila tano, nazifunga upya katika katoni nzito za tabaka tano. Sahani husimamishwa kwa ukingo zikitenganishwa kwa karatasi, glasi huwekwa katika vigawanyo, na nafasi zinazobaki hujazwa karatasi zilizofinyangwa. Katoni ninazofunga upya hazizidi kilo 20. Kila katoni ina namba, jina langu na alama ya kitu kinachovunjika. Sufuria hupangwa moja ndani ya nyingine na kutiwa kwenye viroba. Paleti hazitumiki, mzigo hupangwa kwa mkono.

Mzigo husafiri kwa lori la turubai la msafirishaji wa kukodi, pamoja na mizigo ya watu wengine. Wapakiaji ni wa msafirishaji. Mimi au kijana wangu husimamia upakiaji, lakini hatusafiri na lori. Kabla ya kuondoka, mzigo hulala katika ghala la msafirishaji, Kariakoo, usiku mmoja hadi mitatu.

Njia ni Kibaha, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole. Safari huchukua siku mbili hadi tatu, na lori hutembea pia usiku. Dereva na utingo hulala ndani ya gari, mara nyingi Ruaha Mbuyuni au Makambako. Mara chache mzigo hufaulishwa Makambako kwenda gari dogo. Njia ikifungwa Kitonga, lori hupita Dodoma na Mtera hadi Iringa.

Mzigo mmoja kwa kawaida una thamani ya shilingi milioni 15. Kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka hufika milioni 24, nami naomba hicho ndicho kiwe kikomo kwa lori moja. Kwa mwaka nategemea safari 24, mbili kati yake zikiwa za milioni 24, jumla milioni 378. Thamani ni bei ya kununulia pamoja na nauli ya mzigo.

Naomba kinga ya ajali ya gari, moto, wizi, kulowa, na kuvunjika wakati wa kupakia, kufaulisha na kushusha. Mwaka jana nilipata hasara mbili: katoni nne zililowa mwezi Februari, na katoni moja ya glasi iliangushwa wakati wa kushusha.

Naambatanisha picha za katoni zikiwa wazi na zikiwa zimefungwa, nakala za risiti tatu za manunuzi, na risiti ya msafirishaji.

Wako,
Mfanyabiashara, Soko la Mwanjelwa

Barua hiyo haina sifa hata moja. Neno "vizuri" halimo. Badala yake kuna unene wa katoni, namna sahani zinavyokaa, na nani anayebeba.

Ufungashaji ndio unaostahili aya ndefu kuliko zote, kwa sababu mikataba mingi ya bima ya mizigo huondoa hasara inayotokana na ufungashaji usiofaa. Kampuni haikubali kulipia kitu ambacho kingevunjika hata kama safari ingekuwa ya kawaida. Sasa "usiofaa" hupimwa kwa nini? Pale ambapo kampuni ilielezwa tangu mwanzo namna ya kufunga, ikaona picha, ikakubali na kupokea ada, ni vigumu kwake kugeuka baadaye na kusema ufungaji ule ule haukufaa. Ndiyo maana picha ya katoni iliyo wazi ni muhimu zaidi kuliko ya katoni iliyokwisha kufungwa.

Sahani iliyolala kifudifudi hubeba uzito wa zote zilizo juu yake, na gari likiruka kwenye tuta, pigo hutua katikati ya ile ya chini. Iliyosimama kwa ukingo hupokea pigo hilo sehemu yenye nguvu. Katoni iliyofungwa sawasawa ukiitikisa haitoi sauti. Ikilia, vitu vina nafasi ya kugongana, na kilomita 800 zitaitumia nafasi hiyo. Uzito nao una kazi yake. Katoni ambayo mtu mmoja anaibeba bila shida huwekwa chini, na ile inayomlemea hutupwa, hata ikiwa imechorwa glasi pande zote.

Adui asiyeonekana ni unyevu. Katoni ni karatasi, na karatasi iliyonyonya unyevu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kubeba, hata kama haijalowa kwa macho. Mzigo unapakiwa kwenye joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, unafunikwa turubai, kisha unapanda hadi kwenye baridi ya Mafinga na Makambako. Usiku hewa iliyofungiwa chini ya turubai hutoa jasho linalodondokea safu ya juu, huku katoni za safu ya chini zikilegea na kuanza kubonyea. Mtu akifungua mzigo Mwanjelwa na kukuta sahani za chini zimepasuka na turubai halina tundu, chanzo huwa mara nyingi ni hicho. Hasara ya namna hii hubishaniwa kuliko ya ajali, maana hakuna tukio la kuonyesha. Kwa hiyo mwenye duka wetu afanye vyema kuweka karatasi ya nailoni chini na juu ya katoni zake na kuhimiza viroba vya sufuria vikae chini, kauri juu. Akishaweza kulihakikisha hilo kila safari, ndipo aliandike.

Kuhusu njia, wengi huandika "Dar hadi Mbeya" na kuona wamemaliza. Kampuni ya bima inaijua barabara ya Tanzam. Inajua kwamba ukitoka Ruaha Mbuyuni unakutana na Mlima Kitonga, wenye kona kali, ambako lori lililojaa hupanda polepole sana, kiasi kwamba mtu anaweza kudandia nyuma na kukata turubai bila dereva kujua. Isichojua ni mambo ya lori lako: linafika hapo saa ngapi, nani yuko juu ya mzigo, linalala wapi.

Sheria ya bima tuliyoirithi kutoka Uingereza iliweka tofauti hiyo tangu 1766, Jaji Mansfield alipoamua kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyohusu ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra. Alieleza kwamba habari zinazopima hatari mara nyingi ziko kichwani mwa mwenye mali peke yake, kwa hiyo analazimika kuzisema. Lakini yale ambayo mtoa bima anayajua, au anapaswa kuyajua mwenyewe, mwenye mali halaumiwi kwa kuyanyamazia. Katika kesi hiyo aliyekata bima alishinda. Kitonga iko mahali pake na kila mtu anaijua. Kufaulisha mzigo Makambako unakujua wewe.

Kufaulisha ndiko wafanyabiashara wengi hukuficha, wakiogopa ada kupanda. Hapo mzigo hushushwa na kupakiwa upya na watu wasiokujua, pengine usiku, na msafirishaji wa pili huenda hana hata jina kwenye karatasi zako. Mkataba unaotaja lori moja kutoka mwanzo hadi mwisho unaweza kukomea pale mzigo unapohamia gari la pili. Barua iliyosema "mara chache hufaulishwa Makambako" inamlazimisha ofisa aseme kama anakubali au anakataa.

Kuna jambo jingine kwenye barabara hii ambalo si rahisi kulifikiria ukiwa dukani. Magari yenye uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu hupita mizani, na njiani kuna Vigwaza, Mikese, Wenda na Makambako. Lori likikutwa limezidisha uzito kwenye ekseli moja, huagizwa kupanga upya mzigo au kupunguza. Katoni zako zinaweza kushushwa kando ya barabara, mbali na macho yako, ili viroba vya mtu mwingine vihamishiwe mbele, kisha zikarudishwa kwa mpangilio mwingine. Muulize msafirishaji kama hupima kabla ya kutoka Dar es Salaam. Kama hapimi, kinga ya kupakia na kushusha isiishie Kariakoo na Mbeya. Ihusu na kushusha kunakolazimishwa njiani, na neno hilo liombwe waziwazi.

Ghala la msafirishaji nalo lisisahaulike. Bima ya safari kwa kawaida huanza mzigo unapoanza kusogea, na mapumziko huhesabiwa kuwa sehemu ya safari pale yanapokuwa ya kawaida ya safari hiyo. Mzigo uliolala Kariakoo siku tatu ukisubiri lori lijae unaweza kuhesabiwa kuwa bado haujaanza safari. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na aliyekuwa na bima inayoanza pale lori linapowasha injini hangekuwa na cha kudai kwa bidhaa zilizokuwa bado zimepangwa chini ya paa.

Thamani ndipo watu huumia kimyakimya. Tuseme mwenye duka wetu, ili apunguze ada, aandike kikomo cha milioni 16 badala ya 24. Tuseme pia ada ni asilimia 0.5 ya thamani, kiwango cha mfano tu. Ataokoa shilingi 40,000 kwa mzigo huo. Mwezi wa Desemba lori linapinduka likiwa na bidhaa zake za milioni 24, na zilizoharibika ni za milioni 6. Yeye ataona milioni 6 ziko ndani ya 16, kwa hiyo atalipwa zote. Kampuni itasema amekatia bima theluthi mbili ya mali, basi theluthi moja ameibeba mwenyewe, na kila hasara itagawanywa vivyo hivyo. Atapewa milioni 4. Mkataba ukisema abebe asilimia 10 ya kila dai, kinabaki milioni 3.6. Kwa kuokoa shilingi 40,000 amepoteza milioni 1.8.

Na fidia yenyewe hupimwa kwa karatasi. Wapo wauzaji wanaotoa risiti ya EFD yenye bei ndogo kuliko pesa iliyolipwa, na wapo wanunuzi wanaoipokea bila neno. Mbali ya kuwa ni kosa la kodi, risiti hiyo ndiyo mkadiria hasara atakayoishika. Ulilipa milioni 6 ukachukua risiti ya milioni 2, mbele yake wewe ni mtu wa milioni 2, na hakuna barua itakayokuokoa. Anayetaka bima ya kweli aanze kwa kudai risiti ya kweli.

Mwenye duka wetu amesema lori lake linatembea usiku, na wengi wangemshauri alifute. Siungi mkono ushauri huo. Mwishoni mwa fomu nyingi za maombi kuna sentensi inayosema kwamba maelezo ya mwombaji ndiyo msingi wa mkataba. Ukiandika "lori halitasafiri usiku", umetoa ahadi ambayo dereva usiyemwajiri ataivunja safari ya kwanza, na siku ya wizi ahadi hiyo ndiyo itasomwa kwanza. Kadhalika "nitasindikiza mzigo mwenyewe", "dereva hataacha gari kamwe", "katoni zote ni mpya". Ni afadhali kulipa ada kubwa kidogo kwa ukweli kuliko kununua kwa bei nafuu karatasi isiyolipa. Hasara mbili za mwaka jana zimetajwa kwa sababu hiyo hiyo. Kampuni ikizigundua yenyewe baada ya ajali itasema ilifichwa.

Barua ikishafika, jibu litakuja na masharti, na hapo mfanyabiashara ndiye anayepaswa kusoma kwa makini. Tazama kwanza kama umepewa kinga ya hatari zilizotajwa tu, yaani moto, kugongana na kupinduka, au kinga pana. Kwa mwenye glasi, tofauti ni kubwa mno: kwenye ile ya kwanza, katoni iliyoangushwa na mpakiaji hailipwi. Ukiona sharti lisilolingana na barua yako, kwa mfano "mzigo usihamishwe gari njiani", usilipe kwanza. Jibu kwa maandishi, ukitaja aya ya barua yako iliyosema mzigo hufaulishwa, na uombe sharti lirekebishwe au ujue wazi kwamba sehemu hiyo haina kinga. Kwa Tanzania Bara kinga haianzi kwa barua wala kwa ahadi ya wakala. Sheria ya Bima ya 2009 inataka ada ilipwe kwanza. Hakikisha wakala au dalali amesajiliwa na TIRA, na uipate hati ya bima kabla lori halijapakiwa.

Katoni zikifika zimelowa au zimebonyea, andika hivyo kwenye hati ya mapokezi kabla ya kutia sahihi, kwa namba za katoni, kisha piga picha kabla ya kufungua. Namba zile zilizoandikwa Kariakoo ndizo zitakazoonyesha kwamba katoni ya 37 ni ile ile iliyopigwa picha ikiwa nzima. Na mambo yakibadilika katikati ya mwaka, ukapata msafirishaji mwingine, ukaanza kuleta vioo vya meza, au lori likaanza kupita Dodoma kila mara, andika barua ya pili yenye mistari mitatu, iwasilishe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.